Simu au sofa kwa mdogo mdogo: piga hesabu hivi kabla hujatoa kianzio

Duka linalouza kwa mdogo mdogo huwa linaandika rejesho kwa namba kubwa kabisa, 30,000 kwa mwezi au 1,000 kwa siku, halafu bei ya simu yenyewe ama haipo ama iko kwa maandishi ya kutafuta na tochi. Wanajua wanachofanya. Mtu akiona elfu moja kwa siku anailinganisha na hela iliyopo mfukoni leo, hailinganishi na bei ya simu, na hapo ndo biashara inapofanyika. Kwa hiyo kazi yako wewe mnunuzi ni kuchukua hilo rejesho dogo na kulirudisha kwenye bei nzima, halafu uiweke pembeni ya bei ya keshi uone unalipia nini hasa. Hesabu zenyewe ni za kujumlisha na kutoa tu, kalkuleta ya hiyo simu uliyonayo inatosha.

Nitatumia mfano mmoja wa simu mwanzo hadi karibu na mwisho, namba ni za mfano tu, hela weka ya kwenu. Simu dukani imeandikwa keshi 300,000. Kwa mdogo mdogo unaweka kianzio 60,000 unaondoka nayo, halafu 30,000 kila mwezi kwa miezi 12.

Hatua ya 1: pata bei ya keshi ya kweli, na uipate kabla hujataja mdogo mdogo

Hii ndo hatua watu wengi wanairuka na ndo inayobadilisha kila kitu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Bei ya keshi iliyoandikwa kwenye duka la mdogo mdogo mara nyingi sio bei ambayo mtu mwenye keshi angelipa. Wateja wao wengi hawanunui kwa keshi, kwa hiyo hiyo bei haina haja ya kushindana na duka la jirani, na ikiwa juu inawasaidia pia maana tofauti kati ya keshi na mdogo mdogo inaonekana ndogo. Unaambiwa "tofauti yenyewe ni kidogo tu mteja wangu" kumbe kilichofanyika ni keshi kupandishwa.

Mpangilio wa maswali una maana yake. Ukianza kwa kuuliza "mnakopesha?" bei ya keshi utakayopewa baada ya hapo ni ya kukaririwa. Anza hivi:

"Kaka, hii keshi ya mwisho unaniachia ngapi?"

"Hiyo 300 dada, ila tuna ya mdogo mdogo pia, unaweka 60 tu unaondoka nayo."

"Hiyo ntakuuliza baadae. Nikitoa hela yote sasa hivi unaniachia ngapi?"

"Basi lete 290."

Tayari 10,000 imeshashuka kwa maneno tu. Sasa toka hapo nenda maduka mengine mawili matatu ambayo yanauza keshi peke yake, uliza simu ileile. Nikisema ileile namaanisha ileile kabisa, jina la modeli mpaka herufi ya mwisho, ukubwa wa memori ya kuhifadhia, ukubwa wa ramu, na kama ni mpya kabisa au ni iliyotumika ikasafishwa na kurudishwa kwenye boksi. Simu mbili zenye jina moja, moja ina GB 64 nyingine GB 128, sio simu moja na huwezi kuzilinganisha bei. Piga picha ile stika ya kwenye boksi, inayo yote hayo, halafu onyesha hiyo picha kila duka unaloingia badala ya kutaja jina kwa mdomo.

Tuseme umezunguka na ya chini kabisa uliyoipata ni 270,000. Basi hiyo 270,000 ndo bei ya keshi, 300,000 isahau, hata 290,000 isahau. Kila hesabu huko mbele utaipiga dhidi ya 270,000.

Kwa fenicha ni ngumu zaidi maana sofa haina stika, na fundi huyu na yule wanatengeneza umbo lile lile kwa vitu tofauti kabisa. Hapo uliza vya ndani: fremu ni mbao ngumu au mbao laini au ubao wa kubandikwa, sponji ni nzito kiasi gani, chini yake kuna springi au mikanda. Inua kona moja ya mbele ya sofa, kama mguu wa upande wa pili unachelewa kunyanyuka na fremu inajipinda kwanza, hiyo ni fremu dhaifu na usiilinganishe na ile ya bei juu. Na ukubwa pia, chukua futi kabisa upime, viti vya duka huwa vinaonekana vikubwa kwa sababu duka limepangwa hivyo.

Hatua ya 2: andika kila hela itakayotoka, na uhesabu mara zenyewe

Kwenye karatasi au notsi za simu andika kianzio, rejesho, linalipwa kila baada ya muda gani, mara ngapi jumla, halafu vingine vyote. Hivyo vingine ndo vinajificha: ada ya fomu au kufungua akaunti, bima ya lazima, kava na kioo cha juu ulivyowekewa bila kuomba, usafiri wa fenicha, makato ya kutuma hela kila unapolipa. Hayo makato ya kutuma yanaonekana kitu kidogo ila kama unalipa kila siku na kila muamala unakatwa chochote, kwa mwaka unakatwa mara 365. Uliza pia kama unaruhusiwa kulipa ya wiki nzima au mwezi mzima kwa mkupuo, sehemu nyingi wanaruhusu ila hawakwambii.

Kuhusu mara ngapi, kuwa makini sana hapa. Usikubali kuambiwa "mwaka mmoja" ukaishia hapo, omba idadi. Angalia mchezo huu: rejesho la 30,000 kwa mwezi likigeuzwa kuwa 7,500 kwa wiki linaonekana ni kitu kile kile, maana 7,500 mara 4 ni 30,000. Lakini mwaka una wiki 52, hauna 48. 7,500 mara 52 ni 390,000, wakati 30,000 mara 12 ni 360,000. Umeongeza 30,000, yaani rejesho la mwezi mzima, na hakuna aliyekudanganya, umejidanganya mwenyewe kwa kudhani mwezi una wiki nne. Ya kila siku nayo hivyo hivyo, 1,000 kwa siku kwa mwaka ni 365,000 sio 360,000.

Ukiona muuzaji anasitasita kukupa idadi ya marejesho, mpe kalamu, mwambie "niandikie hapa dada, yako mangapi na la mwisho tarehe ngapi". Asipoandika hilo, usimpe kianzio.

Hatua ya 3: jumlisha, halafu toa

Kwa simu yetu, na tuseme hakuna ada nyingine:

```
Kianzio                      60,000
Marejesho  30,000 x 12      360,000
Jumla ya mdogo mdogo        420,000
Keshi ya kweli              270,000
Ziada                       150,000
```

Ungetumia ile 300,000 ya dukani ungepata ziada 120,000. Sasa unaona kwa nini hatua ya kwanza ilikula maneno mengi, ile 30,000 ya tofauti ilikuwa imefichwa ndani ya bei yenyewe na isingeonekana popote kama riba.

Watu wengi wakifika hapa wanachukua 150,000 wanagawanya kwa 270,000 wanapata asilimia kama 56, wanasema aaah nimezidishiwa nusu bei, basi. Ni kweli ila hiyo namba haikusaidii sana kuamua, kwa sababu haikwambii kitu kuhusu muda, na unachokinunua kwa hiyo 150,000 ni muda. Twende hatua inayofuata.

Hatua ya 4: geuza ziada iwe marejesho

Gawanya ziada kwa rejesho moja. 150,000 gawa kwa 30,000 ni 5. Maana yake katika marejesho 12, saba ya kwanza pamoja na kianzio yanamaliza simu (60,000 + 210,000 = 270,000, hesabu uone), halafu matano yanayobaki ni ya kulishukuru duka kwa kukuruhusu kuondoka nayo siku ile.

Na igeuze upande wa pili, hapa ndo inaanza kuuma au kuleta raha inategemea. Una 60,000 mkononi tayari. Kama una uwezo wa kweli wa kutoa 30,000 kila mwezi kulipa duka, basi una uwezo wa kuiweka pembeni hiyo hiyo 30,000. Baada ya miezi 7 una 270,000, unaingia duka la keshi unatoka na simu. Na miezi 5 iliyobaki hiyo 30,000 ni yako. Kwa hiyo swali lote la mdogo mdogo au keshi kwa simu hii ni hili: kukaa na simu miezi 7 mapema, ni kitu unachokubali kukilipia 150,000?

Najua utasema "mimi nikiweka hela pembeni nitaila". Sawa, watu wengi tuko hivyo, na hiyo ni sababu halali ya kuchagua kulazimishwa na rejesho. Lakini basi jua kwamba unalipa 150,000 kwa ajili ya kulazimishwa, na kuna njia za kulazimishwa zilizo nafuu kuliko hiyo, kama kumpa mtu akushikie au kujiunga na kikundi cha kuweka. Kuna maduka pia yanakubali uweke kidogo kidogo kwao na bidhaa unaichukua ukimaliza. Hiyo ya kuchukua mwishoni usiichanganye na hii ya kuondoka nayo, maana hapo wewe ndo unalikopesha duka hela, kwa hiyo bei isizidi keshi hata kidogo, na risiti ya kila unachoweka iwe na jina la bidhaa na bei iliyofungwa.

Hatua ya 5: uliza kama hiyo miezi ina faida kwako

Chukua ziada ugawanye kwa miezi ambayo ungesubiri: 150,000 gawa kwa 7 ni kama 21,400 kwa mwezi. Hiyo ndo kodi unayolipa kuwa na simu sasa hivi. Kama wewe bila simu hupokei oda za wateja, au kazi yenyewe inafanyika kwenye simu, na ukipiga kwa uaminifu unaona hiyo simu itakuingizia au itakuokolea zaidi ya 21,400 kila mwezi baada ya kutoa bando, chukua, kusubiri ndo kungekuwa hasara. Kama simu uliyonayo inafanya kazi na hii mpya unaitakia kamera, hapo ni starehe ya 21,400 kwa mwezi, ni haki yako pia ila iite jina lake.

Kitanda kwa mtu anayelala chini nacho kina thamani yake ambayo haiingii kwenye kalkuleta. Ila kwa sofa, kusema kweli, sijawahi kuona hesabu ya kuichukua haraka ikikubali.

Hatua ya 6: kama una sehemu nyingine ya kukopa, linganisha kwa mwezi

Hii ni kwa mwenye uwezo wa kupata mkopo kazini au kwenye chama cha kuweka na kukopa. Kama huna unaweza kuruka.

Hapa unatafuta riba ya mwezi ya lile deni lenyewe. Deni sio 270,000, kianzio umeshatoa, deni ni 210,000. Na hilo deni linapungua kila mwezi unavyolipa, kwa hiyo usigawanye 150,000 kwa 210,000 kwa 12, itakuletea namba ndogo kuliko ukweli, na ndo namba hiyo hiyo wauzaji wanapenda kuitaja. Fungua programu yoyote ya jedwali kwenye simu au kompyuta, bofya kisanduku kitupu uandike:

```
=RATE(12,-30000,210000)
```

Ya kwanza ni idadi ya marejesho, ya pili rejesho lenyewe lenye alama ya kutoa mbele, ya tatu deni baada ya kianzio. Kama programu yako inagoma jaribu kuweka nukta mkato badala ya mkato. Itakuletea kama 0.0945, yaani asilimia 9 na nusu kwa mwezi. Ikikuonyesha 9% tu ni kwamba imekata desimali, ongeza desimali.

Sasa tuseme chama chenu kinatoza asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua. 210,000 hiyo hiyo kwa miezi 12 ungerudisha kama 18,660 kwa mwezi, ziada nzima haifiki 14,000. Weka na ada za fomu zao bado hazitafika 150,000. Kwa hiyo mtu mwenye huo mlango akienda kuchukua simu dukani kwa mdogo mdogo kwa sababu "chama kina usumbufu wa wadhamini", kuukwepa huo usumbufu amekulipia ghali mno.

Chunga neno moja tu ukilinganisha mikopo: uliza riba inapigwa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wa mwanzo mpaka mwisho. Asilimia 4 kwa mwezi ya mkopo wa mwanzo, ukiipitisha kwenye hiyo fomula, inakaribia asilimia 7 ya salio linalopungua kwa mkopo wa mwaka.

"Bila riba", hiyo nayo

Fenicha wanapenda sana hii. Sofa 600,000, lipa mara sita 100,000, la kwanza leo unapochukua, hakuna riba hata senti. Ukijumlisha kweli inafika 600,000 ile ile ya kwenye kibao, unajiona umepata dili.

Muulize tu: "Bosi, nikikupa keshi yote leo unapunguza ngapi?" Akisema "kwa keshi nakuachia 520 na usafiri juu yangu", basi ameshakwambia riba ni ngapi, ni 80,000, na usafiri wa kwako. Leo umetoa 100,000 kwenye kitu cha 520,000, deni ni 420,000, unalirudisha kwa 100,000 mara 5:

```
=RATE(5,-100000,420000)
```

Inatoka kama asilimia 6 kwa mwezi. Hiyo ndo bila riba yao, na bado hujaweka hela ya gari la kubebea ambayo mnunuzi wa keshi kasamehewa. Kwa kweli ile simu ungeipigia kwa bei ya keshi ya dukani, 300,000, ingetoka karibu asilimia 7, kwa hiyo huyu wa "bila riba" na yule anayekiri ana riba hawako mbali kihivyo.

Akigoma kabisa kupunguza kwa keshi, na maduka mengine sofa ya vitu vile vile inauzwa 600,000 pia, hapo ni bila riba ya kweli, zipo, chukua bila wasiwasi ilimradi usichelewe hata siku moja, maana ofa za namna hii nyingine zina kipengele kwamba ukikosa rejesho moja riba inahesabiwa tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 7: uliza ukichelewa inakuwaje, na ukiwahi inakuwaje

Kuchelewa kwanza. Simu za mdogo mdogo nyingi zina programu ya kufunga iliyowekwa ndani, hela isipoingia skrini inajifunga, unabaki na kupiga namba za dharura na kulipia deni. Kuirudisha simu kwenye hali ya kiwandani hakuiondoi, ikiwaka na kupata intaneti programu inarudi, na jamaa wa mtaani anayekwambia ataitoa kwa hela kidogo anakuacha na simu isiyo na waranti na deni liko palepale. Kwa hiyo uliza: inajifunga baada ya siku ngapi, ikifungwa kuna faini au muda unasogea mbele tu, na nikilipa inafunguka papo hapo au nasubiri mtu ofisini. Kama simu ndo kazi yako, siku mbili za kufungwa ni siku mbili bila kipato, na kipato ndo kilikuwa cha kulipia rejesho. Watu wanaoishi kwa kipato kisicho na tarehe wanaumizwa hapo zaidi kuliko kwenye riba yenyewe. Chagua rejesho ambalo unaweza kulilipa mwezi mbaya, sio mwezi mzuri.

Simu ikiibiwa au ikivunjika deni linaendelea, labda kama ile bima uliyokatwa inafanya kazi, soma inalipia nini. Kuna bima nyingine inalifidia duka halafu wewe hupati kitu.

Kwa fenicha hakuna kufungwa kwa skrini, kuna kuja kuchukuliwa. Mikataba mingi inasema kitu kinabaki mali ya duka mpaka rejesho la mwisho. Uliza kama umeshalipa sehemu kubwa wakachukua, ile uliyolipa inarudi kiasi gani, na kama wanaweza kuuza sofa na bado wakakudai. Baadhi ya nchi zina sheria inayozuia duka kuchukua kitu bila mahakama ukishalipa sehemu fulani ya bei, kwa hiyo kabla hujakubali gari lirudi nyuma mlangoni kwako uliza ya kwenu inasemaje.

Sasa kuwahi. Hili watu hawaulizi kabisa. Tuseme miezi sita imepita, umelipa 60,000 na 180,000, ukapata hela kidogo ukataka kumaliza. Yamebaki marejesho 6, yaani 180,000. Duka linalosema "lete 180,000 umalize" linakutoza riba ya miezi sita ambayo hutakopa tena. Kwa hesabu ya haki, hata ukichukua bei yao wenyewe ya keshi ya 300,000 (riba yake ni ile karibu asilimia 7 kwa mwezi), deni lililobaki ni:

```
=PV(0.0687,6,-30000)
```

Kama 143,600. Tofauti ni zaidi ya 36,000. Sio kila duka litakubali, lakini swali "nikimaliza mapema mnanipunguzia ngapi" uliza kabla ya kutoa kianzio, ukiwa bado mteja wa kubembelezwa, na jibu liandikwe kwenye mkataba. Kama jibu ni hakuna punguzo, basi ukija kupata hela katikati usikimbilie kumaliza, ishike, endelea kulipa kwa tarehe zako, maana kuwahi hakukupi kitu.

Kitu kingine cha muda ni waranti. Ukiona waranti ni miezi 12 na marejesho ni miezi 24, mwaka wa pili wote unaweza kuwa unalipia kitu kibovu. Mimi nisingekubali marejesho yapite waranti.

Hatua ya 8: karatasi, na siku ya mwisho

Mkataba uwe na bei ya keshi, kianzio, idadi ya marejesho, jumla, faini, na tarehe ya mwisho. Jumla hiyo iwe ileile uliyoipata kwenye hatua ya 3, ikizidi hata kidogo uliza hicho kilichozidi ni nini kabla ya kusaini. Kwa simu piga *#06# pale pale dukani, namba ya IMEI itakayotokea ifanane na ya kwenye boksi na ya kwenye mkataba, kama tarakimu moja imetofautiana mkataba ni wa simu nyingine na wewe utakuja kulipa halafu simu yako isifunguke. Risiti za kutuma hela zipige picha uziweke sehemu nyingine isiyo ndani ya simu hiyo hiyo, ikifungwa utashindwa kuonyesha kuwa umelipa.

Ukishalipa la mwisho usiondoke na "tayari kaka, umemaliza". Omba barua au meseji rasmi yenye jina lako na IMEI inayosema deni ni sifuri, na kwa simu hakikisha ile programu ya kufunga imetolewa kweli: irudishe simu kwenye hali ya kiwandani ukiwa hapo hapo dukani (vitu vyako uwe umeshavihifadhi), iwashe upya, unganisha intaneti, subiri dakika chache. Ikirudi kuonyesha jina la duka au kampuni ya mkopo kwenye hatua za mwanzo, bado iko kwenye mfumo wao, mrudishie muuzaji aiondoe wakati unasubiri. Ukiiacha hivyo siku ukitaka kuiuza mnunuzi ataifuta, jina litatokea, na atakudai hela yake.